Midomo Isiyotahiriwa

Mimi nilitahiriwa Desemba, baada ya KCPE, katika kliniki moja hapa Ruiru. Ilichukua nusu saa hivi. Kisha nikakaa ndani wiki mbili na mutiri wangu, binamu aliyenishinda miaka sita, tukila nyama na kucheza karata. Alinipa mawaidha yake, mengine ya maana, mengine upuzi mtupu. Nilipotoka nilikuwa na viatu vipya na hakuna aliyeweza kuniita kihii tena. Kwetu hivyo ndivyo mambo huenda: mwili unakatwa, unapona, umekuwa mwanaume. Na katika shughuli yote ile hakuna mtu aliyeniuliza swali hata moja.

Nilikuja kulifikiria jambo hilo baadaye sana, kwa sababu ya ukuta. Kabla sijaacha chuo nilikuwa nikipanda mat ya Ruiru, nashuka Globe, natembea University Way hadi kampasi. Pale barabara inapokutana na Uhuru Highway, ng'ambo ya chuo, kuna ua mkubwa wenye miti na lango ambalo huwa limefungwa. Ndani yake ni sinagogi la Wayahudi wa Nairobi. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza mahali hapo liliwekwa 1912, wakati mji wenyewe haujatimiza miaka ishirini. Jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Nilipita pale mamia ya mara nikidhani ni ubalozi. Siku nilipojua ni nini, nikaanza kusoma, na kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa hiki: Myahudi hutahiriwa akiwa na siku nane. Kisu kinapita kabla mtoto hajajua hata jina lake. Sasa akifika umri ule wetu, miaka 13, wanamfanyia nini?

Wanampa maandishi, wanamwambia: soma.

Bar mitzva maana yake ni mwana wa amri. Bar ni mwana kwa Kiaramu, mitzva ni amri. Kwa msichana ni bat mitzva, na yeye huifikia akiwa na miaka 12. Umri wenyewe ni wa kale; umo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria wa karibu mwaka 200. Lakini sherehe tunayoiona kwenye filamu, mtoto akisimama mbele ya watu na kusoma, ilikuja kuzoeleka karne nyingi baadaye, Ulaya ya Zama za Kati. Kisheria, mtoto hahitaji sherehe yoyote. Siku yake ikifika, amri zinamshika, awe amesoma au amelala.

Hebu tuchukue mtoto wa kufikirika, tuone kazi yenyewe. Tuseme amezaliwa Ruiru tarehe 5 Januari 2013, saa nane mchana. Jambo la kwanza ni kuijua siku yake kwa kalenda ya Kiebrania, inayofuata mwezi lakini huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ili isiachane na majira. Siku hiyo ilikuwa 23 Tevet 5773. Hapa kuna mtego ambao sisi tunaotumia saa za Kiswahili tunauelewa haraka: siku ya Kiebrania huanza jua linapotua, kama vile usiku wa Jumamosi wa wazee wa pwani ulivyo ule unaoitangulia Jumamosi. Angezaliwa saa mbili usiku, angekuwa wa tarehe 24. Kwa mtoto huyu haileti tofauti kubwa. Kwa mwingine, siku moja inaweza kumsukuma wiki nzima mbele, ajikute amejifunza fungu ambalo si lake.

Tarehe 23 Tevet ya mwaka wake wa kumi na tatu iliangukia Jumatatu, 12 Januari 2026. Sabato inayofuata ni Jumamosi ya tarehe 17. Tora, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa mafungu 54, na kila Sabato ina fungu lake duniani kote. Kwa hiyo mtoto hachagui. Kinachosomwa Nairobi siku hiyo ndicho kinachosomwa Buenos Aires. Sabato ya 17 Januari 2026 fungu lilikuwa Vaera, Kutoka sura ya 6 hadi ya 9: Musa anatumwa kwa Farao, kisha mapigo yanaanza, maji kuwa damu, vyura, mpaka mvua ya mawe.

Vaera ina aya 121. Mtoto mchache sana husoma zote. Wengi hupewa maftir, yaani zile aya za mwisho, ambazo hapa ni tatu tu: Musa anatoka mjini, anainua mikono, ngurumo na mawe vinakoma, na Farao akiona hali imetulia anaufanya moyo wake mgumu tena. Kisha mtoto husoma haftara, kipande cha Manabii kinachoambatana na fungu hilo. Ya Vaera iko Ezekieli, kuanzia mwisho wa sura ya 28 hadi mwisho wa 29, aya 23 za kumkemea mfalme wa Misri anayelinganishwa na joka kubwa lililolala katika mto wake.

Aya tatu, unasema? Ngoja kwanza. Kitabu cha Tora kinachosomwa sinagogini ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na ndani yake hamna irabu. Hamna nukta wala koma. Fikiria mtu akuandikie kwa Kiswahili «bb alnd». Baba alienda? Bibi aliunda? Bubu alinda? Wazee wetu wa Lamu waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu waliujua msukosuko huo. Mfano unaopendwa wa Kiebrania ni herufi tatu, het, lamed, bet. Zisome halav, ni maziwa. Zisome helev, ni mafuta ya mnyama. Sheria ya Kiyahudi inayokataza kupika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, ambayo jiko lao zima limejengwa juu yake, inasimama juu ya irabu ambazo hazijaandikwa popote katika gombo. Zimebebwa na midomo ya watu, mmoja akimrithisha mwingine.

Tena si kusoma tu, ni kuimba. Kila neno lina sauti yake ya kimapokeo, na alama za sauti hizo nazo hazimo gomboni. Zimo katika kitabu cha mazoezi kiitwacho tikun, chenye safu mbili kila ukurasa: upande mmoja maneno yenye irabu na alama, upande mwingine maneno yaleyale yakiwa uchi, kama yalivyo gomboni. Mtoto husoma upande wa kwanza mpaka ashike, kisha anaufunika kwa kiganja na kujaribu ule mwingine. Haftara husomwa kutoka kitabu kilichochapwa chenye irabu, lakini alama zilezile huimbwa kwa sauti tofauti. Kwa hiyo ni tuni mbili. Matayarisho kwa kawaida huchukua nusu mwaka hadi mwaka mzima, na humwangukia mvulana wakati uleule sauti yake inapovunjika.

Siku hizi njia ya mkato ni simu. Mwalimu anarekodi, mtoto anaweka masikioni akiwa kwenye mat, anakariri kama wimbo. Inafaa, ila kuna namna rahisi ya kumgundua aliyekariri bila kusoma: mwambie aanzie katikati ya aya. Aliyejifunza alama atatafuta neno na kuendelea. Aliyekariri atarudi mwanzo, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa ili akumbuke mstari wa tatu. Siku yenyewe huyu wa pili akishtuka kidogo tu, amepotea, maana hajui hata kidole kiko wapi. Si kidole hasa. Gombo haliguswi kwa mkono, hutumika kijiti chenye ncha ya mkono mdogo. Ndiyo maana walimu wazuri humpeleka mtoto mbele ya gombo lenyewe kabla ya siku. Herufi zake zina vitaji, na nyingine zimevutwa ili mstari ujae, na mtoto aliyezoea kitabu huzitazama kama mgeni.

Na akikosea? Kando ya meza wanasimama watu wanaofuatilia kitabuni. Kosa likibadilisha maana, wanamsahihisha papo hapo, kwa sauti, mbele ya shangazi zake wote. Anarudi nyuma na kulisema neno upya. Haimaanishi ameanguka mtihani. Mtu mzima aliyesoma kwa miaka 40 husahihishwa vivyo hivyo.

Baada ya kusoma inakuja hotuba, na hapa ndipo niliposimama kabisa. Hotuba ya bar mitzva si ile ya kushukuru wazazi, ingawa shukrani huwekwa mwishoni. Ina umbo lake. Unatafuta katika fungu lako kitu kisichokaa sawa, unakigeuza kuwa swali, unaleta walivyosema waliotangulia, kisha unasema lako. Sasa mtoto wetu wa Vaera ana bahati, maana fungu lake lina ajabu moja kubwa. Musa anapoambiwa aende kwa Farao anakataa, na sababu anayoitoa, tena mara mbili katika sura ya 6, ni kwamba midomo yake haijatahiriwa.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Midomo? Kwetu Kiambu mtu akisikia neno kutahiri anajua linahusu wapi.

Swali la hotuba basi liko wazi: midomo hutahiriwaje? Rashi, mfafanuzi mkuu wa Ufaransa aliyefariki 1105, anasema neno hilo lina maana ya kuziba. Anaonyesha kwamba manabii husema pia juu ya masikio yasiyotahiriwa, na moyo usiotahiriwa, na kwamba katika Mambo ya Walawi hata mti wa matunda, katika miaka yake mitatu ya kwanza, huitwa hivyo, kwa kuwa matunda yake yamefungwa, hayaliwi. Hadi hapo mtoto ameleta waliotangulia. Lake mwenyewe anaweza kulitoa sura ya 7: Mungu hamponyi Musa. Hamfungui midomo. Anampa Haruni ndugu yake awe msemaji. Mtoto anaweza kuishia hapo, akamtazama mwalimu aliyesimama pembeni akimnong'oneza irabu, na watu wakaelewa. Dakika tano zinatosha. Hotuba iliyoandikwa na baba utaijua kwa sababu haina swali, ina mawaidha tu, na mtoto anaisoma kama barua ya chifu.

Ningeishia kwenye ule ukuta wa University Way kama si Mbale. Mwaka 1919, upande wa pili wa Mlima Elgon, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda na kisha akakosana nao, alijitahiri akiwa mtu mzima, yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Hakukuwa na Myahudi aliyemhubiria. Alikuwa na Biblia ya Kiganda iliyoletwa na wamishenari, akasoma Agano la Kale, akaamua linatosha. Mwaka 1920 alipita Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha sikukuu na kalenda. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha kurasa 90 cha kuwaongoza watu wake. Wakaitwa Abayudaya.

Ukitazama, wao walifuata njia kinyume. Kisu kilitangulia, na midomo ikachukua miongo kadhaa. Walikuwa na maneno kwa Kiganda, lakini Kiebrania, zile irabu na zile tuni, ni vitu visivyopatikana kitabuni peke yake. Vilikuja kidogo kidogo, kwa mgeni huyu na yule. Kisha akaja Amin. Dini yao ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, na wengi wakaiacha. Waliobaki waliomba kwa siri. Hebu fikiria maana yake kwa mvulana aliyefikisha miaka 13 mwaka 1975: hakuna pa kusimama, hakuna kusoma kwa sauti. Amri zilimshika, ndiyo, lakini midomo ilikuwa imezibwa. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilianza, sikukuu ya kutoka mkononi mwa Farao. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kubuni tarehe hiyo.

Vijana waliokua wakati huo ndio walioijenga upya jamii katika miaka ya 1980. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusomea Los Angeles na 2008 akawekwa kuwa rabi, kisha 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho North. Katika sinagogi lao la Nabugoye wasichana nao husoma gomboni. Hilo si jambo dogo. Bat mitzva ya kwanza kujulikana kufanyika sinagogini Marekani ilikuwa ya Judith Kaplan, New York, Machi 1922, mwaka uleule wa kitabu cha Kakungulu, na yeye hakuitwa kwenye gombo. Alisomea kitabu kilichochapwa. Hadi leo katika masinagogi ya Kiothodoksi msichana hasomi gomboni mbele ya wanaume. Bat mitzva yake huwa hotuba na karamu. Kwa msichana siku ya nane haikuwa na kisu chochote, kwa hiyo hayo maneno ndiyo alama yake yote.

Karamu yenyewe ina mambo yake. Mtoto akimaliza, watu humrushia peremende, na watoto wadogo huingia chini ya viti kuziokota. Baba husema baraka fupi inayochekesha ukiifikiria: anamshukuru Mungu kwa kumwondolea adhabu ya makosa ya huyu mtoto, maana kuanzia leo atajibeba. Kwa kuwa ni Sabato, hakuna kupiga picha wala kushika pesa kwa wanaoshika sheria, kwa hiyo muziki na zawadi husubiri jua litue au Jumapili. Hapa ikweta hilo ni rahisi. Jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, wakati wenzao wa London katika Juni wanangoja mpaka saa nne usiku. Zawadi za pesa wengi hupenda ziwe katika hesabu ya 18, kwa sababu herufi za neno la Kiebrania lenye maana ya uhai hujumlisha 18. Neno lenyewe kwa herufi za Kilatini mara nyingi huandikwa sawa na chai yetu, kwa hiyo ukisoma mjomba anamletea kijana chai ya shilingi 1,800, usimfikirie vibaya.

Lakini zawadi kubwa ni nyingine, na inaonekana zaidi pale watu walipo wachache, kama Nairobi, au Mbale, au Gathundia kule Nyandarua karibu na Ol Kalou, ambako kuna familia za Kikuyu zilizoishika dini hiyo na kujifunza kwa Abayudaya. Gombo la Tora halisomwi hadharani bila watu wazima kumi. Wakiwa tisa wanangoja mlangoni, wanapiga simu, na wa kumi asipofika gombo linabaki kabatini. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa amekaa pale, anajua kusoma kuliko wote, na hahesabiki. Mwaka mmoja baadaye anaingia mlangoni na kazi inaanza. Kumi wanatimia kwa sababu yake.

Tena hawamhesabu kwa namba. Wayahudi wengi huona ni mwiko kuhesabu watu moja, mbili, tatu, kwa hiyo hutumia aya yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Nilipolisoma hilo nilimpigia simu nyanya yangu, kwa sababu nilikuwa nimelisikia mahali. Sisi pia hatuhesabu watu. Koo za Wakikuyu, mabinti wa Mumbi, ni kumi, lakini mzee hatakwambia kumi. Atasema kenda muiyuru, tisa iliyojaa.

Nyanya alinithibitishia, kisha akaniuliza kwa nini nataka kujua. Lilikuwa swali zuri, na tulikaa kwenye simu mpaka kredo ikaisha.